Naomba ushauri: mdogo wangu ananiandikia tu "usingizi hauji"

Ndugu zangu, naomba ushauri. Juzi saa nane usiku mdogo wangu, aliyehamia Dodoma kikazi, alinitumia ujumbe mmoja: "Dada, usingizi hauji." Basi.

Nilishaanza kumwandikia anywe maziwa ya moto, na kwamba huenda ni presha. Nikafuta. Mimi si daktari, na yeye hakuniuliza dawa. Nikaandika: "Pole mdogo wangu. Niko macho. Ungependa tuongee, au nikae tu na wewe?"

Alikaa kama dakika kumi, lile neno "anaandika" likitokea na kupotea. Kisha: "Kaa tu." Baadaye akaanza mwenyewe kusimulia habari za kodi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Sikumkatiza.

Jana usiku kaandika tena maneno yaleyale. Nataka kumuuliza imeanza lini, na mchana anashindaje kazini, lakini asijione anahojiwa. Na nikimshauri aende zahanati, nisemeje bila kumtia hofu? Mliowahi kupokea ujumbe wa namna hii, mlijibu nini?