Naomba ushauri: mimu ya ubongo unaotanuka, picha ya tatu haipandi

Wakuu, mimu hii ya vyumba vinne ilivuma 2017. Maneno hukaa kushoto na kichwa kulia: ubongo mdogo, kisha unawaka, unatoa miale, mwisho mwili mzima unang'aa. Kejeli yake ni kwamba mwanga ukiongezeka, akili inapungua.

Rasimu yangu ni ya luku:

1. Kununua umeme mapema
2. Kusubiri zibaki yuniti 2
3. Kusubiri ukatike
4. Kulala saa 12 jioni usihitaji taa

La 2 na la 3 ni uzembe uleule, kwa hiyo la 4 linaruka ghafla na msomaji anaweza kulidhani ushauri wa kweli. Kwenye 3 niweke "kuchomeka waya kwa jirani", au nifute chumba kimoja?