INDIRECT imenipotezea ndoo 114 za asali mbele ya kikao, nimechoka!

Nyuki_Mkali

Wakuu salaam. Naandika nina hasira, mtanivumilia.

Mimi ni karani wa kikundi kinachonunua asali kwa warina hapa Tabora. Tuna vituo vinne: Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua. Kila kituo kina shiti yake ndani ya faili moja ya Excel, na jumla ya ndoo inakaa F40. Mbele kuna shiti ya Muhtasari. Safu ya A ina majina ya vituo yaliyoandikwa kwa mkono, safu ya B ina fomula niliyorithi kwa karani aliyenitangulia:

```
=IFERROR(INDIRECT("'"&A2&"'!F40"),0)
```

Misimu miwili sijawahi kuigusa. Ijumaa kijana wetu mmoja akaona asali ya kituo cha Kaliua karibu yote inatoka Ulyankulu, basi akabadilisha jina la shiti likawa Ulyankulu. Hakumwambia mtu. Jumamosi nachapisha ripoti, ndoo 372. Mwenyekiti kahesabu stoo mwenyewe, ndoo 486. Akaniuliza mbele ya wajumbe, "114 umemuuzia nani?" Kumbe Kaliua yote imesomeka sifuri, tena sifuri safi, haina hata alama ya kosa! Mimi niliyekaa na funguo za stoo nikaonekana mwizi.

Nikaitoa IFERROR, ikatoka `#REF!`. Nikasema sawa, kila kituo nakipa faili yake, tuone nani atamgusa mwenzake. Nikaandika hivi:

```
=INDIRECT("'["&A2&".xlsx]"&A2&"'!F40")
```

Usiku nimefungua faili zote tano, jumla 486, nikalala vizuri. Asubuhi kikaoni nafungua Muhtasari peke yake: `#REF!` mistari yote minne. Sasa hii ni fomula au mtego? Mbona fomula za kawaida shiti ikibadilishwa jina zinajua zenyewe?

Dagaa_wa_Kibirizi

Pole mkuu. Umesahau dola. Andika $F$40 halafu nenda Data, Edit Links, bonyeza Update Values. Mimi huku Kigoma nina faili za mialo mitatu, zinasomana zikiwa zimefungwa na sijawahi kuona hiyo `#REF!` yako.

Nyuki_Mkali

Dola nimeweka, hakuna kilichobadilika. Na hiyo Edit Links kwangu imefifia, haibonyezeki kabisa.

Mama_Vikoba

Hata mimi jamani hii Excel inanitesa. Hisa za wanachama zinajaa alama za reli #####, nikifunga na kufungua bado zipo. Ni ugonjwa huohuo?

Fundi_Isevya

Mama, hizo reli ni safu tu imekuwa nyembamba, tarakimu hazienei. Vuta mpaka wa safu upande wa kulia, hisa zako zipo salama.

Nyuki, kufifia kwa Edit Links ndiko kunakokujibu. Excel inakwambia kwamba faili yako haijaunganishwa na faili yoyote. Wewe unaona jina Kaliua ndani ya fomula, yenyewe inaona maandishi tu. INDIRECT inayachukua maandishi hayo wakati wa kukokotoa na kwenda kutafuta shiti yenye jina hilo. Shiti ikibadilishwa jina, Excel inapita kwenye fomula zote na kurekebisha rejea za kweli, lakini maandishi hayagusi, kama isivyogusa jina la mtu uliloandika kwenye seli. Kijana kaipa shiti jina jipya, safu yako ya A imebaki inaita Kaliua. Haitiki mtu.

Dagaa anasema kweli kuhusu faili zake kwa sababu bila shaka yeye ametumia rejea ya moja kwa moja. Hapo faili lengwa ikifungwa, Excel inabaki na thamani ya mwisho iliyosoma. INDIRECT haina akiba hiyo. Isitoshe, inakokotolewa upya kila unapofungua faili na kila unapobadilisha seli yoyote, kwa hiyo hata namba uliyoiona usiku haiwezi kusubiri mpaka asubuhi. Faili lengwa lazima iwe wazi, na kwenye Excel ileile. Dola hazisaidii, maana F40 yenyewe iko ndani ya alama za kunukuu, imeshafungwa tayari.

Na hilo linanitisha kuliko `#REF!`. Siku mtu akiingiza mstari mmoja juu, jumla inahamia F41 na fomula yako inaendelea kusoma F40, ndoo za mrina mmoja wa mwisho. Hapo hupati kosa, unapata namba ya uongo.

Nyuki_Mkali

Kaka usinitishe, Urambo waliingiza mistari mwezi uliopita. Ngoja nikaangalie. Ila nifanyeje sasa?

Fundi_Isevya

Kwa vituo vinne huhitaji INDIRECT hata kidogo. Aliyekutangulia alikuwa anaringa. Ukirudi kwenye faili moja, andika `=Kaliua!F40` na basi. Jina likibadilika itafuata, mstari ukiongezeka itafuata.

Ukitaka faili tofauti, fanya hivi. Fungua Kaliua.xlsx, bofya F40, nenda kwenye kisanduku kidogo kushoto kwa mstari wa fomula, andika JUMLA, bonyeza Enter, hifadhi. Rudia kwa vituo vyote. Kisha, faili zikiwa wazi, kwenye Muhtasari andika alama ya sawasawa, nenda Kaliua.xlsx ubofye F40, rudi ubonyeze Enter. Kama Excel imeweka jina la shiti na F40, futa yote uandike `=Kaliua.xlsx!JUMLA`. Ukiifunga Kaliua, njia nzima itajiandika:

```
='D:\Asali\Kaliua.xlsx'!JUMLA
```

Hapo hamna jina la shiti wala namba ya mstari. Kijana aite shiti Ulyankulu au aiite Mzinga, JUMLA inatembea na seli yake. Na usiirudishe IFERROR ya sifuri. Kosa liachwe lionekane.

Dagaa_wa_Kibirizi

Hapo nimeelewa. Ila mwalimu, mimi nikitumia SUMIF kwenye faili iliyofungwa napata `#VALUE!`. Nayo ni maandishi?

Fundi_Isevya

Hapana, hilo ni jambo jingine. SUMIF na COUNTIF zinataka seli zenyewe, na faili ikifungwa zinapata orodha ya thamani tu. SUMPRODUCT inafanya kazi hiyo faili ikiwa imefungwa.

Stoo_Kuu

Mimi nachagua jina la kituo kwenye orodha, ripoti inabadilika hapohapo. Bila INDIRECT nitafanyaje? Msimlaumu aliyetangulia.

Fundi_Isevya

Wewe una haki nayo, bora kila kitu kiwe faili moja. Nenda Review, Protect Workbook, acha tiki ya Structure, weka nywila. Hapo hakuna atakayebadilisha jina la shiti mpaka umpe nywila.

Nyuki_Mkali

Nimerudi. Urambo ni kweli, jumla iko F42. Namba 127 niliyokuwa nasoma F40 ni ya ukurasa wa zamani au ya mrina mmoja, hata sielewi, maana 486 ya stoo ilitimia. Nitahesabu tena kesho na mwenyekiti awepo.

JUMLA nimeweka, nimefunga vituo vyote, Muhtasari imesoma. Kimebaki kimoja: vijana wananitumia faili kwa wasapu, kila mwezi na jina lake, Kaliua_Mei, Kaliua_Juni. Sasa hapo?

Fundi_Isevya

Edit Links yako sasa haijafifia. Ingia, Change Source, chagua faili mpya, mara nne kila mwezi. Au uwakataze kubadilisha majina ya faili.

Nyuki_Mkali

Kuwakataza hawa? Nabofya mara nne.