Spika ndogo ikianguka au ikilowa, besi inakwaruza: tupeane uzoefu

Binti Shangani: Jamani, spika ya kuchaji imeanguka kutoka dirishani hadi kwenye saruji. Sauti ya mtu inatoka safi, besi ikipiga inakwaruza. Sauti ikiwa ndogo haifanyi hivyo. Mliokutwa na hili mliweza vipi?

Fundi Mikindani: Dada, usinunue kitu bado. Ichomeke kwenye chaji, uipige kwa sauti ileile. Mkwaruzo ukiisha, ni betri imechoka, besi inaomba umeme mwingi kwa mkupuo. Ukibaki, zima ufungue wavu wa mbele. Weka vidole viwili au vitatu kuzunguka katikati ya karatasi ya spika, ibonyeze ndani taratibu bila kuiegemeza upande mmoja, uiachie, sikio likiwa karibu. Ikienda kimya, koili ni nzima, tafuta kilicholegea ndani. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili inagusa chuma. Anguko husogeza sumaku, na nafasi ya koili haifiki hata milimita moja. Hiyo huirudishi kwa nyundo, badilisha spika yenyewe: kipimo kilekile na omu zilezile zilizoandikwa nyuma ya sumaku.

Mjomba Newala: Kweli tupu. Wakati mwingine ni betri imebanduka gundi, inagonga boksi.

Mzee Tandahimba: Sabufa yangu inavuma hata muziki ukiwa umezimwa. Nibonyeze nayo?

Fundi Mikindani: Hapana mzee, kuvuma bila muziki kunatoka upande wa umeme. Hilo ni jingine.

Kilwa Masoko: Iliyolowa ifukie kwenye mchele siku mbili.

Mama Lindi: Mchele unaacha vumbi, na vumbi likiingia kwenye koili umeongeza mkwaruzo. Kivulini penye upepo, wavu ukiwa wazi.

Kilwa Masoko: Mbona simu zinapona?

Mama Lindi: Zinapona kwa kukauka, si kwa mchele. Na simu haina karatasi ya kulainika kwa maji!

Msimbati: Huku moja ilitumbukia baharini toka mtumbwini. Ikaanikwa juani, ikachomekwa chaji jioni. Betri ikavimba mpaka boksi likapasuka, moshi ndani ya banda!

Mjomba Newala: Watu walisalimika?

Msimbati: Wote. Turubai ndilo liliungua.

Fundi Mikindani: Iliyoingia maji ya chumvi isichajiwe kabisa, chomoa betri kwanza. Maji yakikauka chumvi inabaki, chuma kinashika kutu, kutu inajaa pale koili inapopita. Ndiyo maana inaweza kulia vizuri leo, ikaanza kukwaruza wiki ijayo.

Binti Shangani: Nimebonyeza, iko kimya. Ila ule mpira wa nyuma unaocheza na besi umebanduka ukingo upande mmoja.

Fundi Mikindani: Umepata. Hewa inapenya hapo na ukingo unapiga boksi. Safisha, paka gundi ya viatu kidogo pande zote mbili, subiri hadi ukiigusa kwa kidole inate kidogo tu, bana, iache hadi kesho. Supaglu usiiguse, inakakamaza mpira.

Kilwa Masoko: Supaglu tone moja haina neno, mpira mnene unavumilia.

Mama Lindi: Mnene wa wapi kwenye spika ndogo?

Binti Shangani: Na upande wa pili kuna mpira mwingine kama huo. Nao nipake kabla haujabanduka?