Ofa ya mabegi 40, siku mbili: nitumie tangazo lipi kati ya haya matatu?

MzeeWaMabegi
Wakuu, habari za saa hizi. Nina mabegi ya mgongoni 40, mzigo wa mwisho wa muundo huu, maana kiwandani wameshaacha kuyashona. Nataka kuyatoa kwa punguzo la asilimia 25 kuanzia Ijumaa tarehe 14 Novemba jioni hadi Jumapili, kisha yatakayobaki yarudi bei yake. Nauzia kwenye magrupu na kwenye kitovuti changu kidogo. Nimeandika matangazo matatu na nimekwama.

La kwanza: "WAHI SASA!!! Yanauzika kama njugu! Usipochukua leo utajuta!"

La pili: "Mabegi 40, punguzo asilimia 25, mwisho Jumapili saa 6 usiku."

La tatu ni picha ya begi, chini yake saa inayohesabu kurudi nyuma, na maneno "Yamebaki machache".

La kwanza linanikera kidogo, lakini ndilo naliona kila mahali. Nishaurini.

Chapuchapu
La kwanza, hakuna mjadala. Mtu asipobanwa atasema "nitapita kesho", na hiyo kesho huioni. La pili limekaa kama tangazo la kikao.

Mpitaji
Mkuu, la kijani lipo?

Kalamu_Nyeusi
Chapuchapu una haki nusu. Mnunuzi anahitaji sababu ya kuamua sasa, hilo kweli. Lakini Mzee sababu anayo tayari: mzigo una mwisho na bei ina mwisho. Hana haja ya kumtisha mtu, amwambie tu.

Angalia neno "leo" kwenye la kwanza. Tangazo likishaingia kwenye magrupu halikai ulipoliweka. Mtu atalisambaza Jumatano ijayo na "leo" itakuwa Jumatano. Atakupigia, utamwambia ofa iliisha, naye atakuona mjanja mjanja. Na "yanauzika kama njugu" umeliandika kabla hujauza hata moja.

Mimi nachukua la pili, ila lina mashimo mawili. Shimo la kwanza ni hiyo saa 6 usiku. Ya Jumapili ipi? Wapo watakaoelewa usiku wa kuamkia Jumapili, wengine wa kuamkia Jumatatu, na wote wawili wana hoja. Mmoja atakuja siku nzima baada ya wewe kufunga, na kwa maoni yake amewahi. Weka saa 3 usiku, Jumapili tarehe 16 Novemba. Hiyo haina utata, na wewe mwenyewe utakuwa macho wa kufunga. Saa 6 usiku utakuwa umelala na tangazo linaendelea kuahidi.

Shimo la pili ni hilo 40. Umeyahesabu au umesoma kwenye risiti?

MzeeWaMabegi
Risiti, mkuu. Ngoja niyafungue.

DadaViatu
Kaka, hapo kwenye hesabu ndipo nilipoumia mimi. Niliweka jozi 30 za raba kwa ofa, nikaandika "jozi 30" basi. Sikusema saizi. Kumbe saizi ya 42 zilikuwa 3 tu, na nusu ya watu waliokuja walitaka 42. Mpaka saa 4 asubuhi zimekwisha, nami tangazo bado linasema zipo. Ilikuwa kweli, zipo, lakini saizi 37. Niliambiwa mwongo siku nzima.

Jambo jingine ni hawa wa "niwekee". Walikuja watu kama 20 wakiandika "niwekee moja", nikawawekea wote, nikawa nawaambia wengine zimeisha. Waliolipa hawakufika 10. Wale niliowafukuza hawakurudi tena, na jozi zikanibakia.

Chapuchapu
Sasa dada, mtu akisema niwekee utamkatalia? Huyo ni mteja.

DadaViatu
Simkatalii siku hizi. Namwekea saa 2. Asipolipia ndani ya saa hizo, inakwenda kwa anayefuata, na naandika hivyo kwenye tangazo lenyewe ili asije kunilaumu. Zamani nilikuwa naona aibu kuliandika.

Kalamu_Nyeusi
Dada kagusa penyewe. Ukisema zipo 40, sema pia ni kitu gani kinachopunguza hiyo 40. Ni kuomba, ni kuwekewa, au ni kulipa? Usipolisema, kila mtu atajichagulia jibu linalomfaa. Anayedhani kuomba kunatosha atagombana na aliyelipa, na wote wawili watagombana na wewe.

Fundi_Tovuti
Niongee kuhusu la tatu, kwa sababu saa zenyewe si mbaya. Ubaya unatokana na jinsi zinavyowekwa. Nyingi ninazokutana nazo kwenye kurasa za watu zimeandikwa hivi:

```
let mwisho = Date.now() + 2 * 60 * 60 * 1000;
```

Hiyo inamhesabia kila mgeni saa 2 tangu afungue ukurasa. Ukiifungua upya, saa 2 zinaanza tena. Mnunuzi akijaribu mara moja tu ameshakukamata. Ya kweli inaelekeza kwenye wakati mmoja kwa watu wote:

```
let mwisho = new Date("2025-11-16T21:00:00+03:00");
```

Hiyo `+03:00` usiiache. Bila hiyo simu ya kila mtu itasoma 21:00 ya mahali alipo, na mteja wa mbali ataona mwisho tofauti.

Hata hapo, Mzee, saa hii ni picha tu. Inafuata saa ya simu ya mgeni, na simu nyingine zimewekwa saa kombo. Bei lazima ibadilishwe kwenye seva. Kuna mtu atafungua ukurasa saa 2 na nusu, aende kula, arudi saa 3 na robo abonyeze kununua akiwa bado anaona bei ya ofa. Amua mapema utamtoza ipi. Mimi ningemwonyesha bei mpya na kumuuliza kama anaendelea. Kumkata kimyakimya bei ya juu ndiko kutakuletea kesi.

MzeeWaMabegi
Nimerudi. Sio 40. Ni 38 yanayouzika. Mawili zipu zake zinaruka meno ukivuta, hayo siyauzi kama mazima. Meusi 21, kijivu 10, kijani 7. Bila kuyafungua ningeahidi mabegi mawili nisiyokuwa nayo.

Fundi, kwa siku mbili naona saa ni kazi kubwa kuliko faida. Naiacha.

Mpitaji
Hapo kwenye kijani 7, moja langu basi.

Hesabu_Kali
Samahani kuwaingilia. Hiyo asilimia 25 imekatwa kwenye bei gani? Uliwahi kuuza kwa hiyo bei ya juu, au umeipandisha wiki hii ili uishushe? Nauliza kwa sababu tarehe inaweza kuwa ya kweli na punguzo likawa la uongo. Umoja wa Ulaya ulilitungia kanuni mwaka 2019: anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 kabla yake. Na tangu mwaka 2005 kumdanganya mnunuzi kwamba ofa ni ya muda mfupi sana ili aamue haraka kumo kwenye orodha yao ya makosa. Hata kama sheria hizo hazikuhusu, swali la siku 30 ni zuri kujiuliza.

MzeeWaMabegi
Nimeuzia bei hiyo hiyo tangu mwezi wa 8, risiti ninazo. Hapo niko sawa.

Swali langu sasa ni hili. Jumapili saa 3 ikifika na yamebaki, tuseme, 15?

Chapuchapu
Unaongeza siku moja. "Kwa maombi ya wateja wetu." Nani atalalamika akipewa nafuu?

Kalamu_Nyeusi
Aliyekopa Jumamosi ili awahi, huyo atalalamika. Na asipolalamika amejifunza. Ofa yako ijayo atakaa kimya hadi uongeze siku, maana anajua utaongeza. Hapo ndipo watu wanaposhikwa na tamaa ya kurudi kwenye "WAHI SASA", kwa sababu tarehe zao haziaminiwi tena.

Mwisho wa bei si mwisho wa mabegi. Yale 15 yanauzwa Jumatatu kwa bei ya kawaida. Andika hivyo mapema, tena kwa faida yako: anayesitasita anajua hatakosa begi, atakosa robo ya bei tu. Aamue kama robo hiyo ina maana kwake.

DadaViatu
Hapo mimi na Kalamu tunatofautiana kidogo. Mtandao ukikatika Jumapili mchana watu wakashindwa kulipa, utawaambia pole? Mimi ningeongeza, na kusema kwa nini.

Kalamu_Nyeusi
Hiyo nakubali, kama saa unazoongeza ni zile zilizokatika. Zilikuwa 2, unaongeza 2.

Hesabu_Kali
Na nani atahakikisha zilikuwa 2?

MzeeWaMabegi
Basi nimeliandika upya. Litazameni:

"Mabegi ya mgongoni 38: meusi 21, kijivu 10, kijani 7. Punguzo la asilimia 25, kuanzia Ijumaa tarehe 14 Novemba saa 12 jioni hadi Jumapili tarehe 16 Novemba saa 3 usiku, au yakiisha kabla. Begi ni lako ukishalipia. Ukitaka kuwekewa, nakushikia kwa muda wa saa 2, kisha linakwenda kwa anayefuata. Mtu mmoja mwisho mawili. Baada ya saa 3 usiku huo wa Jumapili yatakayobaki yanarudi bei ya kawaida. Muundo huu hautaletwa tena."

Kinachonisumbua bado ni kama niandike yaliyobaki kila yanapopungua. Ikifika Jumamosi na bado yako 36, si nitakuwa najitangazia kwamba hayatakiwi?

Chapuchapu
Ndiyo. Ficha mpaka yafike 10.

Kalamu_Nyeusi
Sina jibu moja. Ukianza kuonyesha, onyesha hata idadi ikiwa ya aibu. Ukionyesha ikiwa ndogo tu, umerudi kwenye "yamebaki machache" kwa mlango wa nyuma. Mimi ningeacha idadi ya mwanzo, nikafuta rangi inapokwisha. Kijani zikiisha, andika "kijani zimeisha" na saa yake. Hilo linamfaa mnunuzi kuliko jumla.

Fundi_Tovuti
Mimi ningeonyesha zote, tangu 38. Kwenye tovuti inajibadilisha yenyewe. Kwenye magrupu utachoka, na namba ya zamani ni mbaya kuliko kukosa namba.

MzeeWaMabegi
Basi tovuti itaonyesha, magrupu nitafuta rangi. Nitawaletea matokeo Jumatatu.

Mpitaji
Mzee, mimi sijajibiwa. Niwekee la kijani.

MzeeWaMabegi
Ijumaa saa 12 jioni, mkuu. Kabla ya hapo sishiki la mtu.