Sifuri kwa sababu ya "ama"?! Huyu mtu tumpeleke wapi?

Mama Chaki
Wakuu, nimechoka. Mnamjua, yule wa panel ya insha hapa Moshi mwenye kalamu inayovuja damu. Mtoto kaandika: "Wakulima wa Kilimanjaro ama wang'oe kahawa yote wapande migomba, ama wabaki maskini. Hakuna anayetaka umaskini. Kwa hiyo waing'oe." Bwana mkubwa kachora duara la ukubwa wa sinia la pilau, kaandika MTANZIKO FEKI, 0/20. Sifuri! Insha ina hoja nne, feki ni moja!

Feki ni feki, sibishi. Kihambani migomba iko juu, kahawa iko chini kwenye kivuli chake; njia ya tatu hiyo hapo. Lakini mtiririko hauna kosa: njia zikiwa mbili tu na moja ikafungwa, inabaki ya pili. Kilichooza ni sentensi ya kwanza. Kwenye mwongozo wetu hoja ina alama 4: kutaja 1, maelezo 2, mfano 1. Kata zile 2 za maelezo, andika pembeni "vipi akichanganya?", songa. Yeye kampa SIFURI. Ama aondolewe kwenye panel, ama watoto wetu wamekwisha!

Kiboriloni Mjini
Mimi nikiona "ama... ama" nakata hapohapo.

Babu Mantiki
Utaonea watu. "Ama kalipa ada yote, ama bado anadaiwa" haina kosa. Kabla hujakata, taja wewe njia ya tatu ambayo mkulima huyo anaiweza kweli. Ukiikosa, weka kalamu chini. Na wengine huificha bila "ama" hata moja: "Asiyeng'oa kahawa hataki maendeleo." Ugonjwa uleule, na hapo wewe utapita ukitia vema.

Kahawa Chungu
Kwani kung'oa kahawa kumeruhusiwa? Bei msimu huu ikoje?

Mama Chaki
Tunaongelea insha, ndugu! SIFURI!

Tengeru Sokoni
Mleta mada, "ama aondolewe ama watoto wamekwisha"? Na wewe nikukate 2? 😂 Si anaweza kubaki, karatasi zake zikapitiwa na mtu wa pili? Ila nina swali: hoja ya tatu ikiegemea mtanziko uleule, nakata tena?

Babu Mantiki
Usikate. Kosa moja hulipiwa mara moja. Kama maelezo yanafuata vizuri kutoka pale alipokosea, mpe zake.

Kiboriloni Mjini
Hapana mzee, kila hoja ina alama zake. Akirudia, nami narudia.

Babu Mantiki
Basi ndiyo maana karatasi moja ina 14 kwako na 10 kwa jirani yako.

Mwl. wa Jioni
Afadhali nyie mna nguvu ya kubishana. Huku Arusha tunasahihisha kwa chai ya rangi isiyo na sukari, na posho bado "inashughulikiwa".

Kahawa Chungu
Chai ipo? Sisi maji tu.

Tengeru Sokoni
Posho ya mwaka jana mmepata?