Tupeane uzoefu: Sabstitusheni au elimineshini, ilikutesa wapi?

Mtoto_wa_Uyole
Wakuu, habari za baridi. Jana usiku nimemkuta mdogo wangu wa kidato cha sita amejifunika blanketi anakariri: "NaOH ya maji alkoholi, KOH ya ethanoli alkeni." Anarudia kama anasali rozari. Nikakumbuka mateso yetu. Nyie mliopita PCB, PCM na CBG, hii kitu iliwatesa wapi? Mwageni visa.

Mwana_Igurusi
Mimi hadi leo nikiona SN2 tumbo linaunguruma.

Fundi_Maabara
Cha kwangu si cha mtihani. Nilikuwa fundi wa maabara kwenye chuo kimoja huku huku Nyanda za Juu. Mhadhiri wa muda akatuletea karatasi ya praktiko: wanafunzi watengeneze etha, (CH3)3C–O–C2H5, kwa kuchanganya (CH3)3CBr na ethoksaidi ya sodiamu. Kwenye karatasi inavutia: ethoksaidi inaingia, bromidi inatoka, kazi imekwisha. Asubuhi nikayeyusha vipande vya sodiamu kwenye ethanoli kavu, nikagawa.

Wakaanza kupasha kwenye beseni la maji ya moto. Haikuchukua muda, mapovu yakaanza kupanda kabla hata ethanoli haijachemka, na juu ya kondensa kukawa kunatoka gesi. Maji yetu ya bomba ni ya baridi kweli, Julai yanauma vidole, lakini gesi ilikuwa inapita tu kana kwamba kondensa haipo. Kikundi cha nyuma wakaona mali inapotea, mmoja akachukua kizibo cha mpira akaziba juu ya kondensa. Nikapiga kelele, nikachelewa. Kizibo kiligonga dari, ethoksaidi ikaruka mpaka ukutani, na dada mmoja ikampata mkono mzima. Tukamweka kwenye bomba, maji yakatiririka mkononi karibu nusu saa huku analia na mimi natetemeka.

Mchana tulipotulia nikarudia kidogo, mara hii nikiielekeza ile gesi kwa mpira kwenye maji ya bromini. Rangi ya chungwa ikafutika. Chini ya chupa kulikuwa na unga mweupe, NaBr. Kimiminika kilichobaki nikakimimina kwenye maji ya chumvi nikisubiri tabaka la etha lielee juu. Hakuna. Kilichanganyika chote, maana kilikuwa ethanoli tupu. Etha yote tuliyoitarajia ilikuwa imeondoka kama (CH3)2C=CH2, gesi inayochemka kwenye nyuzi −7. Bomba la Makete lenyewe lisingeikamata.

Nuru_Njombe
Jamani! Yule dada alipona?

Fundi_Maabara
Alipona. Kovu dogo karibu na kiwiko.

Mwana_Igurusi
Chuo gani hicho mkuu? Tusije tukapeleka watoto.

Fundi_Maabara
Sitaji.

Kijana_Mafinga
Kosa liko wazi, mlitumia ethanoli. Ethanoli ni elimineshini, maji ni sabstitusheni. Mngetumia NaOH ya maji, hakuna kizibo ambacho kingeruka. Mdogo wako anakariri vizuri kabisa, Mtoto wa Uyole, mwache.

Mwl_Tukuyu
Kijana, umepata nusu. Kiyeyushi kina mchango, lakini hapo si chenye kesi. Chukua ethoksaidi ileile, ethanoli ileile, nyuzi 55 zilezile, kisha badilisha halaidi peke yake. Ukiweka bromoethani, katika molekuli 100 kama 90 zinakuwa etha na 10 tu ndizo etheni. Ukiweka 2-bromopropani mambo yanapinduka, karibu 80 zinakuwa propeni. Ukiweka (CH3)3CBr ya Fundi, zote zinakwenda alkeni. Besi haijabadilika, kiyeyushi hakijabadilika. Kilichobadilika ni kaboni iliyobeba bromini.

Ili ibadilishane na bromini, ethoksaidi lazima iifikie kaboni hiyo kwa mgongoni, upande ulio mkabala na bromini. Kwenye bromoethani njia iko wazi. Kwenye ile ya Fundi kuna vikundi vitatu vya methili vimeziba, ni daladala ya Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni, ndani hakuingiliki. Ila hidrojeni tisa za hizo methili ziko nje, mlangoni, na ethoksaidi ni besi kali. Inanyakua moja. Elektroni zilizoishikilia hidrojeni zinageuka kuwa kifungo cha pili kati ya kaboni mbili, na bromidi inaondoka papo hapo. Yote ni tendo moja. Hiyo ndiyo E2.

Na ndiyo maana ule mlinganyo wa vidato, C2H5Br na KOH ya ethanoli kutoa C2H4, naona ni mfano mbaya kuliko yote tunayofundishia. Halaidi inayopenda elimineshini kidogo kuliko zote, ndiyo tumeiweka mbele.

Divisheni_Wani
Mwalimu unawapoteza watoto. Kwenye mtihani wa taifa akiandika etha anakula sifuri. Mwambie akariri, akishapata A ndiyo aje asome hizo 90 na 10.

Mwl_Tukuyu
Sijasema aandike etha. Aandike C2H4, achukue alama zake. Lakini akipewa nafasi ya kuchagua mfano wake mwenyewe, achague 2-bromopropani, hapo mtihani na chupa vinasema kitu kimoja.

Divisheni_Wani
Sasa kama mtihani na chupa havisemi kitu kimoja, mwenye makosa nani?

Mwana_Igurusi
😂😂 Hapo sasa.

Mama_Sabuni_Rungwe
Samahani wataalamu, mimi natengeneza sabuni ya mafuta ya parachichi kwa kostiki soda. Mnasema besi kali inanyakua hidrojeni na gesi inatoka. Mbona yangu haitoi gesi? Au kostiki niliyouziwa ni feki?

Mwl_Tukuyu
Mama, kostiki yako haijakosa kitu kwa dalili hiyo. Mafuta hayana bromini wala klorini ya kuondoka. Hidroksaidi inakwenda kwenye kaboni yenye kifungo maradufu na oksijeni, ambayo ni bapa na iko wazi, inaivunja hapo na kutoa sabuni na gliserini. Hakuna gesi inayotakiwa. Ila glavu uvae, umesoma kisa cha yule dada.

Mama_Sabuni_Rungwe
Ndaga fijo mwalimu. Kwa hiyo ile inayoganda haraka sana shida ni nini?

Kijana_Mafinga
Mama fungua uzi wako, tutakuja.

Nuru_Njombe
Mimi nina swali lililoninyima usingizi nikiwa mwaka wa kwanza. Kama kaboni ya daraja la tatu haiingiliki, mbona (CH3)3CCl ukiiweka tu kwenye mchanganyiko wa ethanoli na maji, bila besi yoyote, sehemu kubwa inakuwa alkoholi na etha? Msongamano umekwenda wapi?

Mwl_Tukuyu
Swali zuri dada. Pale hakuna besi kali ya kunyakua kitu, kwa hiyo halaidi inakaa mpaka ivunjike yenyewe. Klorini inaondoka kwanza na chaji yake, inabaki kabokationi. Hiyo ni bapa, vile vikundi vitatu vimelala kama feni, kwa hiyo maji au ethanoli inaweza kuingia kwa juu au kwa chini. Msongamano ulikuwa unazuia kuingia kwa mgongoni wakati klorini bado ipo.

Lakini si kila kabokationi inangoja kuingiliwa. Nyingine inapoteza hidrojeni ya jirani kwa kiyeyushi na kuwa alkeni, na hiyo ndiyo E1. Kwenye ethanoli ya asilimia 80, nyuzi 25, ni kama 83 sabstitusheni na 17 alkeni. Kumbe halaidi za familia moja, daraja moja: Fundi aliweka besi kali akapata alkeni tupu, wewe huna besi kali unapata alkeni kama chenji tu.

Nuru_Njombe
Na nikiwa na chupa mbele yangu nitajuaje alkeni imetoka kwa E1 au E2? Si alkeni ni ileile.

Mwl_Tukuyu
Ongeza besi, uangalie mwendo. Kwenye E2 besi ni mshiriki wa tendo lenyewe, ukiiongeza mara mbili mwendo nao unaongezeka mara mbili. Kwenye E1 kazi ngumu ni klorini kuondoka, besi haina habari na hiyo hatua. Angalizo: ukizidi kumwaga hidroksaidi kwenye chupa ya E1, utafika mahali E2 inachukua usukani, halafu unaanza kubishana na matokeo yako.

Kijana_Mafinga
Basi kanuni ni rahisi: besi kali alkeni, besi dhaifu alkoholi. Tufunge uzi.

Mwl_Tukuyu
Usifunge. Hidroksaidi na ethoksaidi ni besi kali, na bromoethani bado inabadilishana tu, tumeshaona. Besi kali inahitaji kaboni iliyobanwa ndipo igeukie hidrojeni. Hapo katikati, daraja la pili, ndipo nguvu ya besi inapoamua hasa: 2-bromopropani na ethoksaidi ni propeni kwa wingi, lakini ukiipa asetati, ambayo ni besi dhaifu ila inaingia vizuri, karibu yote inakuwa esta.

Bichwa_Maji
Wakuu mmesahau mwinuko. Mbeya mjini tuko juu, mita kama 1,700, maji yanachemka karibu nyuzi 94 na ethanoli nayo mapema kuliko pwani. Ukichemsha kwa kondensa huku unapata joto dogo kuliko mtu wa Dar, na joto dogo halipendi elimineshini. Kwa hiyo Dar wanapata alkeni, sisi tunapata etha. Serikali ilitazame hili.

Fundi_Maabara
Unatania lakini umegusa. Joto linasaidia elimineshini, maana vinatoka vipande vingi kuliko vilivyoingia. (CH3)3CBr na ethoksaidi kwenye nyuzi 25 bado unaona kama 9 kwa 100 zikibadilishana, kwenye 55 huzioni. Lakini nyuzi nne tano za mwinuko hazigeuzi alkeni kuwa etha.

Mtoto_wa_Uyole
Fundi, kwa hiyo ile etha hamkuipata kabisa?

Fundi_Maabara
Tuliipata wiki iliyofuata kwa kugeuza washiriki. Msongamano tukauweka kwenye besi: tert-butoksaidi ya potasiamu na bromoethani. Safari hii tabaka likaelea juu ya maji ya chumvi.

Mwl_Tukuyu
Hapo nina wasiwasi, Fundi. Tert-butoksaidi ni nene, inapenda hidrojeni kuliko kaboni. Bromidi ya daraja la kwanza yenye kaboni 18 ukiipa hiyo kwenye nyuzi 40, kama 85 kwa 100 zinakuwa alkeni, wakati methoksaidi inatoa etha karibu yote. Mngetumia iodidi ya methili, haina kaboni jirani yenye hidrojeni, elimineshini haiwezekani.

Fundi_Maabara
Iodidi ya methili ingetupa etha nyingine, karatasi ilitaka ya ethili. Na bromoethani ina mkia mfupi, iko wazi kuliko hiyo ya kaboni 18. Etheni ilitoka, sikatai, ila tabaka lilikuwepo.

Mwl_Tukuyu
Tabaka unene gani? Na ulijuaje si bromoethani iliyobaki?

Fundi_Maabara
Bromoethani inazama kwenye maji. Hii ilielea.

Mwl_Tukuyu
Peke yake inazama. Ikiyeyuka ndani ya etha je?

Fundi_Maabara
Daftari la vipimo lilibaki kule chuoni. Nitamuuliza aliyenirithi kama bado analo.