Tupeane uzoefu: kumlisha mgonjwa wa gastroparesisi, na wakati ambapo mpira wa utumbo unahitajika

Binti wa Pangani

Wanajamvi, naomba wenye wagonjwa wa gastroparesisi, yaani tumbo lililolegea na kuchelewa kupitisha chakula, tupeane uzoefu kuhusu chakula. Mama yangu ana umri wa miaka 61, ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka 20 na anatumia insulini. Anashiba baada ya vijiko vichache, tumbo linajaa hadi usiku, na anatapika chakula ambacho unakitambua kabisa kuwa ni cha jana. Alipofanyiwa endoskopi saa tatu asubuhi, daktari alikuta wali na majani ya mchicha aliyokula saa mbili usiku, ilhali hapakuwa na kizuizi chochote kwenye njia ya kutokea tumboni. Mwezi Januari alikuwa na kilo 58, na sasa, mwezi wa nne, ana kilo 51. Tuliambiwa ale kidogo kidogo, na iwapo atazidi kupungua atawekewa mpira wa kulishia. Mlipunguza nini, mliongeza nini, na mlijuaje kwamba wakati wa mpira umefika?

Mzee wa Same

Binti, pole sana kwa kuuguza. Mke wangu naye ni mgonjwa wa kisukari, na kliniki yetu imesisitiza ugali wa dona, maharage, mboga za majani kwa wingi na matunda pamoja na makapi yake, kwa sababu nyuzinyuzi huzuia sukari kupanda ghafla. Mafuta tumeyaacha kabisa. Mpe mama chakula hicho katika milo midogo sita na atarudi katika hali yake.

Afisa Lishe Mstaafu

Mzee wa Same, shikamoo. Ushauri wa kliniki yenu unamfaa mgonjwa wa kisukari ambaye tumbo lake bado linafanya kazi, na sehemu ya milo midogo ni sahihi kwa mama huyu pia. Dona, maharage na majani ndivyo hasa vitakavyomuumiza. Tumbo lenye afya husaga chakula mpaka kiwe chembe ndogo ndipo hukipitisha, na tumbo la mama limepoteza nguvu hiyo ya kusaga. Maganda ya maharage, nyuzi za mchicha, ngozi nyeupe za chungwa na mbegu za mapera hubaki humo, na kwa baadhi ya wagonjwa hujikusanya na kuwa donge gumu ambalo huondolewa kwa endoskopi. Mchicha aliouona daktari asubuhi ulikuwa tayari umetoa ushahidi.

Binti, kabla ya kubadilisha chochote, andika kwa siku tatu kila kinachoingia kinywani, kiasi chake kwa kikombe au kijiko, saa, na kama kilitapikwa. Andika pia sukari kabla ya kula, saa moja baadaye na saa nne baadaye. Mpime uzito kwa mzani uleule, asubuhi, akiwa amekwenda haja. Bila kumbukumbu hiyo tutakuwa tunabahatisha.

Mama Rehema

Hata mimi mume wangu alisumbuliwa na vidonda vya tumbo, alikuwa anajaa gesi na kutapika akila maharage. Alipewa dawa za kuua bakteria kwa wiki mbili na maziwa ya moto, akapona. Mjaribu hizo kwanza kabla ya kukimbilia mipira.

Afisa Lishe Mstaafu

Mama Rehema, nashukuru kwa moyo wako, lakini endoskopi ya mama huyu haikuonyesha kidonda, na dawa hizo hazitalisogeza tumbo lake. Mume wako alikuwa na ugonjwa mwingine.

Binti wa Pangani

Nimemaliza kuandika siku tatu. Mama anakula mara tatu: uji wa lishe wa dona, karanga na soya asubuhi; ugali, maharage na mchicha mchana; wali na samaki wa kukaanga jioni. Katika siku hizo ametapika mara nne, kila mara usiku. Kilichonishangaza ni sukari. Saa moja baada ya chakula cha mchana ilikuwa 3.4 akatoka jasho na kutetemeka, na saa nne baadaye ikafika 17. Tulidhani mashine imeharibika.

Afisa Lishe Mstaafu

Mashine yenu ni nzima. Insulini imefanya kazi kwa saa yake, chakula kikachelewa kufika kwenye utumbo, na kilipofika insulini ilikuwa imekwisha nguvu. Sukari inapopanda namna hiyo, tumbo nalo huzidi kulala, kwa hiyo mambo mawili haya yanalishana. Mpelekeeni daktari wake namba hizo. Kwa wagonjwa wengine huhamisha insulini ya haraka iwe baada ya kula, au huigawa, lakini msifanye hivyo kwa uamuzi wenu.

Kuhusu chakula, ningeanza na ukubwa wa mlo. Gawanyeni kwa milo mitano au sita, kila mlo usizidi takriban kikombe kimoja na nusu pamoja na kinywaji, kwa sababu tumbo lililojazwa halina nguvu ya kujisukuma. Chakula kigumu kiwe asubuhi, kwa kuwa wagonjwa wengi huzidiwa kadiri siku inavyokwenda, na kuanzia alasiri chakula kiwe cha kunywa. Vimiminika hushuka hata tumbo lisiposaga. Akae wima kwa saa moja au mbili baada ya kula, asilale na mlo tumboni.

Nyuzinyuzi nazo zipunguzwe sana. Badala ya dona, sembe laini au mchele uliopikwa hadi kulainika kabisa; badala ya mchicha, karoti au boga lililomenywa, likachemshwa na kusagwa kwenye blenda; papai lililoiva lililopondwa badala ya chungwa. Mtori wa ndizi na nyama iliyosagwa ni chakula kizuri sana kwa mgonjwa huyu, endapo utachujwa. Ule uji wa lishe uchujwe kwa kitambaa, au utengenezwe kwa unga mweupe na maziwa.

Mafuta ndipo watu hukosea pande zote mbili. Ni kweli kwamba yanachelewesha tumbo, na kwa kawaida tunaanzia karibu gramu 40 kwa siku, ambazo ni chini ya vijiko vitatu vikubwa vya mafuta yote, yaliyomo ndani ya chakula na ya kupikia. Samaki wa kukaanga na chapati hazifai. Lakini mafuta yakiondolewa yote, mama aliyekwisha kupungua kilo saba atapungua zaidi. Mafuta yaliyomo kwenye kimiminika, kama maziwa au tui jepesi ndani ya supu, wengi huyavumilia kuliko yale ya chakula kigumu, kwa hiyo jaribuni kidogo na muandike matokeo.

Fundi Morogoro

Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Tumbo langu lililegea baada ya upasuaji, na ninalishwa kwa mpira wa utumbo mwembamba. Kilo saba kutoka 58 ni asilimia 12 ya uzito wake. Mimi niliambiwa kwamba asilimia 10 ndani ya miezi mitatu hadi sita inatosha kuanza kujadili mpira. Kwa nini mnampikia mtori badala ya kumpeleka?

Afisa Lishe Mstaafu

Fundi, hesabu yako ni sahihi na hoja yako ina uzito. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mama huyu hajawahi kupewa chakula sahihi hata wiki moja, kwa hiyo hatuwezi kusema kimeshindwa. Ningempa wiki mbili za vimiminika na vyakula vilivyosagwa, dawa ya kusukuma tumbo ikiwa daktari ataona inafaa, huku nafasi ya mpira wa puani ikiombwa tangu leo. Tusizingojee hizo wiki mbili endapo atashindwa kuhifadhi maji au dawa zake, mkojo ukawa mchache na mzito, ketoni zikaonekana, au akazidiwa na kutapika. Hapo anakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Fundi Morogoro

Wiki mbili ni nyingi kwa mtu aliyekwisha kudhoofika. Sikubaliani, ila nimekuelewa.

Binti wa Pangani

Narejea baada ya wiki mbili. Kutapika kumepungua hadi mara moja kwa wiki, na sukari haishuki tena baada ya kula kwa sababu daktari alibadilisha saa za insulini. Hata hivyo uzito ni kilo 50 na nusu, na nikijumlisha anachohifadhi hakizidi kalori 600 kwa siku. Mama mwenyewe anasema amechoka kulazimishwa.

Afisa Lishe Mstaafu

Basi sasa chakula kimejaribiwa kwa haki, na hakitoshi. Kwa kilo 51, tukikadiria kalori 25 kwa kila kilo, anahitaji karibu kalori 1,275, yaani anapata chini ya nusu. Mpira wa puani ufikishwe kwenye utumbo mwembamba, mbele ya tumbo, si tumboni, kwa kuwa chakula kikiwekwa tumboni kitakaa palepale. Kabla ya kuanza, apimwe potasiamu, fosfeti na magnesiamu, na apewe thiamini kwanza. Mtu aliyekaa na njaa kwa miezi, akilishwa kwa kasi, madini hayo hushuka ghafla na moyo huweza kuathirika.

Fundi Morogoro

Mimi nilianza kwa mililita 20 za maziwa maalumu ya mpira kwa saa, wakaongeza 10 kila baada ya saa kadhaa mpaka nikafika 60. Sasa ninalishwa usiku tu, kwa saa 12, na mchana ninatembea. Angalizo langu ni moja: utumbo hauna mfuko wa kuhifadhia. Kuna muuguzi aliyewahi kunisukumia bomba zima la maziwa kwa mara moja, nikashikwa na tumbo, kuhara na jasho hadi nikalala chini. Lazima itiririke taratibu, na mpira usukumiwe maji mililita 30 kila baada ya saa nne ili usizibe.

Afisa Lishe Mstaafu

Mililita 60 kwa saa 12 ni 720, na kwa maziwa ya kalori moja kwa mililita ni kalori 720. Zikijumlishwa na zile 600 za mdomoni, mama amefika. Kwa mgonjwa wa insulini, mpira ukisimama usiku, iwe kwa umeme au kwa kuziba, sukari itashuka, kwa hiyo anayelala naye awe na glukomita mkononi.

Mzee wa Same

Maziwa hayo ya dukani ni ghali. Hawezi kupitishiwa uji uliochujwa?

Afisa Lishe Mstaafu

Mzee wangu, mpira huo ni mwembamba na uji utauziba. Zaidi ya hapo, chakula hicho kinaikwepa tindikali ya tumbo inayoua vijidudu, kwa hiyo usafi wa jikoni hautoshi. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ya bei, na siwezi kuwahukumu, lakini mimi siushauri.

Binti wa Pangani

Mpira wa puani uliwekwa, na mama ameuvumilia hadi mililita 60 bila kuhara. Kilo ni 51.2. Daktari sasa anazungumzia mpira wa kudumu, na ametoa njia mbili: kupitia tumboni ukaendelea hadi kwenye utumbo, au kutobolewa moja kwa moja kwenye utumbo.

Fundi Morogoro

Wangu wa kwanza ulipitia tumboni. Ncha yake ilirudi nyuma bila sisi kujua, na tuligundua nilipoanza kutapika maziwa yaleyale ya mpira. Tangu nilipotobolewa kwenye utumbo halijatokea tena.

Afisa Lishe Mstaafu

Kurudi nyuma ni tatizo la kawaida la njia ile. Lakini muulizeni daktari kama mama bado anajaa hewa na majimaji tumboni kiasi cha kuhitaji kutolewa, kwa sababu njia ya tumboni inaruhusu kufungua na kuvitoa. Kwa mgonjwa anayetapika mara moja kwa wiki, mimi ningeelekea upande wa Fundi. Daktari anayemwona anaweza kuwa na sababu nyingine.